Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu: njia ya mahakamani pale marehemu asipoacha wosia

Arobaini ikishapita, ndugu hukaa kikao, humtaja mtu mmoja, na kuanzia siku hiyo familia nzima humwita msimamizi. Kisheria bado hajawa. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Mpaka hakimu asaini barua ya uteuzi, mtu huyo hana mamlaka ya kuuza kiwanja, kupokea pesa za marehemu benki wala kugawa chochote. Nimekuwa nikiwasaidia watu na mashauri haya kama msaidizi wa kisheria, na ugomvi mwingi ninaoukuta umeanzia hapo: mtu amepewa kazi na ndugu zake, akadhani amepewa mali.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, na hasa wa Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ndiko familia nyingi zinakoanzia. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, ikiwamo Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo wa huko asifuate hatua hizi.

Wasii na msimamizi: tofauti iko wapi

Wasii ni mtu ambaye marehemu mwenyewe alimtaja kwenye wosia kwamba ndiye atakayetekeleza maagizo yake. Mamlaka yake yanatoka kwa marehemu, na mahakama kazi yake ni kuuthibitisha wosia na kumtambua. Msimamizi hakutajwa na marehemu. Mamlaka yake yote yanatoka mahakamani, na yanaanza siku anayoteuliwa.

Baada ya hapo kazi zao zinafanana sana: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kinachobaki, kisha kutoa hesabu. Wasii anagawa kwa kufuata wosia, msimamizi anagawa kwa kufuata sheria inayomhusu marehemu, iwe ya Kiislamu, ya kimila au nyingine. Wote wawili husimama badala ya marehemu: wanaweza kumshtaki aliyekuwa akidaiwa na marehemu, na wanaweza kushtakiwa na aliyekuwa akimdai. Si lazima msimamizi awe mrithi, ingawa mara nyingi huwa.

Jambo moja linalosahaulika ni kwamba usimamizi haurithiwi. Msimamizi akifariki kabla hajamaliza, mwanawe hachukui nafasi yake. Familia inarudi mahakamani kuomba mwingine.

Kwanza hakikisheni kweli hakuna wosia

Msiseme "hakuacha wosia" kwa sababu tu haukuonekana kabatini. Ulizeni benki aliyokuwa akiitumia, wakili kama alikuwa naye, msikitini au kanisani, na RITA, kwa maana wakala huo hupokea na kuhifadhi wosia za watu. Kwa upande wa mila, hata wosia wa mdomo unaweza kuwa halali iwapo ulitamkwa mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia ukipatikana lakini wasii aliyetajwa amekataa kazi au amefariki, mahakama bado itateua msimamizi, naye atafuata wosia ule.

Pili, chagueni mahakama inayostahili

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine popote, maana shauri lililofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka linaweza kufutwa hata baada ya miaka, mali ikiwa imeshauzwa na pesa zimeshaliwa.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi pale ambapo sheria itakayotumika ni ya Kiislamu au ya kimila. Inayohusika ni ya eneo ambalo marehemu alikuwa akiishi siku zote. Alikofia au alikozikwa hakuamui jambo hili. Mtu aliyeishi Temeke akazikwa Lushoto, mirathi yake inafunguliwa Temeke, ambako tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mambo ya familia, mirathi ikiwamo.

Kwa marehemu Mkristo swali linakuwa gumu kidogo. Mahakama huangalia aliishije: je, maisha yake yalifuata mila za kwao, au aliziacha na kuishi kwa namna nyingine? Kama aliziacha, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka, na ombi linapelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Kabla ya kulipa ada, mwelezeni karani wa mahakama dini ya marehemu, ndoa yake ilikuwa ya namna gani na aliishi vipi, kisha muulize kama mko mahali panapostahili.

Tatu, kikao na muhtasari wake

Sheria hailazimishi kikao cha ukoo. Hata hivyo mahakama nyingi huuliza muhtasari wake, na mimi nausisitiza kwa sababu unaonyesha mapema nani anakubali na nani ana neno. Muhtasari mzuri hauzidi kurasa mbili. Unataja tarehe na mahali pa kikao, jina la marehemu na siku aliyofariki, warithi wote kwa majina, umri na uhusiano wao na marehemu, mali zinazojulikana, madeni yanayojulikana, na mtu anayependekezwa. Kila aliyehudhuria anasaini mwenyewe. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Mnapoorodhesha warithi, waandikeni wote, hata mtoto wa nje ambaye baadhi ya ndugu hawataki kumsikia. Kama ana haki ya kurithi au hana ni suala litakalojibiwa na mahakama kwa sheria inayohusika. Mkimficha, siku atakayojitokeza ana sababu tayari ya kuomba uteuzi utenguliwe, kwa kuwa ulipatikana kwa kuificha mahakama jambo muhimu. Vivyo hivyo kwa mke wa pili.

Kuhusu nani apendekezwe, ushauri wangu ni kumtafuta anayejua kutunza karatasi. Kaka mkubwa mwenye sauti nzito lakini asiyeweka risiti atawaletea shida. Mjane anaweza kuwa msimamizi, binti anaweza, na wawili wanaweza kuteuliwa pamoja. Wawili wanafaa pale ambapo kuna pande mbili zisizoaminiana, kwa mfano watoto wa mama tofauti.

Nne, ombi lenyewe

Anayependekezwa anakwenda mahakamani na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, kitambulisho chake, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Cheti cha kifo kinachotakiwa ni kile cha usajili. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kwa hiyo anzeni kukifuatilia mapema. Mahakamani atajaza Fomu Namba 1, yaani maombi ya kuteuliwa, ambayo anaeleza marehemu ni nani, alifariki lini, aliishi wapi, ameacha warithi gani, mali gani, na kwamba hakuacha wosia.

Mahakama ikishapokea ombi inatoa tangazo kwa yeyote mwenye maslahi, likitaja tarehe ya shauri kusikilizwa. Tangazo linabandikwa mahakamani na mahali pengine ambapo watu wa marehemu wataliona. Mara nyingine linatangazwa gazetini. Ukiona tangazo la mirathi ya mtu wako na una pingamizi, usingoje kulieleza msibani au kwenye kundi la simu. Nenda mahakamani kabla ya tarehe hiyo, liandike na lisajiliwe. Pingamizi lenye uzito ni kama vile kuna wosia, mwombaji ana deni na marehemu analolificha, warithi wameachwa, au ameshaanza kuuza mali. "Simpendi" halimzuii mtu.

Siku ya shauri hakimu humwapisha mwombaji na kumhoji, kisha huwahoji warithi waliofika. Maswali ni ya kawaida: marehemu alikuwa nani kwako, aliacha wosia, unamkubali huyu asimamie, kuna mrithi ambaye hakutajwa. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, maana yanaandikwa na yatakuwa kwenye jalada.

Hakimu hafungwi na pendekezo la ukoo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linamruhusu ateue mtu mmoja au zaidi wenye maslahi katika mirathi, akizingatia pia matakwa ya marehemu kama aliwahi kuyatamka. Akiona familia imegawanyika kiasi cha kutokubaliana na yeyote, anaweza kumteua ofisa wa mahakama au mtu baki mwenye sifa njema asiye na upande. Anaweza pia kumtaka msimamizi asaini ahadi ya kusimamia kwa uaminifu, na kumwagiza aweke dhamana.

Akiridhika, anatoa barua ya uteuzi, Fomu Namba 4. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Tano, kukusanya: na swali la nini hasa kilikuwa cha marehemu

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Marehemu ni Mwislamu wa Temeke. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume wakubwa na binti wa miaka 12. Wazazi wake walitangulia. Ameacha nyumba ya thamani ya shilingi 40,000,000 na benki shilingi 10,400,000. Mahakama imemteua mtoto wa kwanza.

Hatua yake ya kwanza ni kupeleka nakala ya barua benki na kupata taarifa ya salio. Asishangae benki ikitaka kuzipitisha pesa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama. Ni utaratibu wa kawaida, na kwa kweli unamlinda yeye mwenyewe, kwani hakuna atakayesema kazificha.

Nyumba ile ina vyumba viwili vya kupangisha. Tangu baba afariki, yeye ndiye amekuwa akipokea kodi, shilingi 100,000 kwa mwezi, na imeshapita miezi sita. Hizo 600,000 nazo ni mali ya mirathi, na anatakiwa aziandike. Wasimamizi wengi huisahau kodi, na warithi huwa hawaisahau.

Sasa nyumba yenyewe. Mjane anasema walijenga pamoja: yeye alikuwa na biashara ya vitenge, na ana risiti za mabati na saruji zenye jina lake pamoja na karatasi za mkopo wa kikundi alioutumia kupaulia. Kijana anajibu kuwa hati ina jina la baba peke yake. Hati ni ushahidi mzito, lakini haimalizi swali. Kinachogawiwa katika mirathi ni kile tu kilichokuwa cha marehemu. Sehemu ya mjane, ikithibitika, ni yake tangu mwanzo, nayo haiingii kwenye mgawo. Mahakama ya Mwanzo inayoshughulikia mirathi ina uwezo wa kusikiliza na kuamua mali gani zilikuwa za marehemu.

Tazama tofauti. Kama nyumba yote ni ya marehemu, mjane anapata moja ya nane, yaani 5,000,000. Kama mahakama itaona nusu ni yake, kwanza anachukua 20,000,000 zake, kisha anapata moja ya nane ya nusu iliyobaki, 2,500,000, jumla 22,500,000. Kwa mjane huyu hiyo ndiyo tofauti kati ya kubaki na paa na kufungasha. Ndiyo maana namsihi kila mjane aliseme jambo hili mapema, kabla orodha ya mali haijapelekwa mahakamani, na asiogope kuonekana ana tamaa.

Orodha hiyo ni Fomu Namba 5, na msimamizi anatakiwa kuipeleka ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda mahakama imwongezee muda. Inataja mali zote na madeni yote, na thamani yake. Usiandike "nyumba moja Temeke". Andika mtaa, namba ya kiwanja au ya nyumba, aina ya hati au leseni ya makazi, ina vyumba vingapi na nani anaishi humo. Usiandike "pesa benki" bila jina la benki na salio la tarehe fulani. Deni andika ni la nani na ushahidi wake ni upi.

Sita, kulipa kabla ya kugawa

Warithi hawapati kitu mpaka gharama za mazishi na madeni yaishe. Katika mfano wetu, kaka wa marehemu alitoa 500,000 za mazishi na ana risiti, naye anarudishiwa. SACCOS inadai 600,000. Kisha kuna deni ambalo familia nyingi haliwaingii akilini: mahari. Mke hakuwahi kulipwa 300,000 za mahari yake, na kwa sheria ya Kiislamu hilo ni deni la marehemu kama madeni mengine. Analipwa kwanza, kisha anapata fungu lake la urithi juu yake.

Pesa taslimu zilikuwa 10,400,000 za benki na 600,000 za kodi, jumla 11,000,000. Tukitoa madeni hayo ya 1,400,000, zinabaki 9,600,000 za kugawa.

Msimamizi akigawa kabla ya kulipa, na mdai akaja baadaye, anaweza kulazimika kufidia kutoka mfukoni mwake. Kila malipo yawe na karatasi iliyosainiwa, hata ya shilingi elfu ishirini ya nauli.

Saba, kugawa

Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata moja ya nane: 1,200,000. Zinabaki 8,400,000 kwa watoto, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo tunagawa kwa mafungu matano. Kila fungu ni 1,680,000. Kila kijana anapata 3,360,000, binti 1,680,000. Kwa marehemu wa sheria ya kimila au nyingine hesabu ingekuwa tofauti, kwa hiyo msichukue mafungu haya kama kipimo cha kila familia.

Fungu la binti wa miaka 12 halikabidhiwi kaka "akuwekee". Mwelezeni hakimu kuwa kuna mrithi mtoto, naye atatoa agizo fungu hilo litunzwe vipi na nani atalitumia kwa ada na matunzo yake.

Nyumba ina njia mbili. Warithi wanaweza kukubaliana mmoja awanunue wengine kwa bei iliyothaminiwa, au iuzwe na pesa zigawiwe. Hapa watu huuliza kama msimamizi lazima apate saini ya kila mrithi ndipo auze. Mahakama ya Rufani ilishasema, tangu miaka ya 1990, kuwa hahitaji ridhaa ya warithi wote. Mamlaka ni yake. Lakini atatoa hesabu ya bei aliyouzia, na akiuza kwa bei ya kutupa, au akimuuzia rafiki yake, au akajiuzia mwenyewe, anajiweka pabaya. Mimi huwashauri wasimamizi waitishe uthamini wa maandishi na kuwapa warithi nafasi ya kwanza ya kununua. Mnunuzi naye aidai barua ya uteuzi, ailinganishe na jalada mahakamani, na asinunue kwa muhtasari wa kikao.

Nyumba yenye hati, msimamizi anaipeleka barua yake kwa Msajili wa Hati ili jina lake liingizwe kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Maneno hayo lazima yawepo. Akijiandikisha kwa jina lake tupu, kwenye daftari ataonekana mmiliki, na watoto wake yeye ndio watakaokuja kudai nyumba ile. Kutoka kwake ndipo inahamishiwa kwa mrithi au mnunuzi.

Nane, hesabu na kufunga jalada

Ugawaji ukiisha, msimamizi anapeleka Fomu Namba 6: kilichokusanywa, kilicholipwa, nani kapata nini, na saini za waliopokea. Hakimu huwaita warithi, anawauliza kama wamepokea na wameridhika, kisha analifunga jalada. Ofisi ya msimamizi inaishia hapo.

Wengi hawafiki hatua hii. Wanagawa, wanaendelea na maisha, na jalada linabaki wazi. Mrithi anayeona miezi minne imepita bila orodha ya mali, kodi inaliwa na msimamizi hapokei simu, ana haki ya kwenda mahakama ileile na kuomba msimamizi aitwe atoe hesabu. Apeleke ombi kwa maandishi likitaja namba ya shauri. Msimamizi asipofika, au ikibainika ametumia mali vibaya, mahakama inaweza kumwondoa, kumteua mwingine, na kumtaka afidie hasara.

Na ikiwa baada ya kufunga kumeibuka mali mpya, kwa mfano hisa au shamba ambalo hakuna aliyelijua, msimamizi wa zamani asiliguse kwa barua ile ya mwanzo. Arudi kwa karani na namba ya jalada, aiombe mahakama ilifungue tena kwa ajili ya mali hiyo.